Chaneli nane zinazokatika kwa pamoja

*"King'amuzi changu kinapata chaneli kumi na sita. Tangu mnara wa simu usimamishwe jirani na kwetu, nane zinaganda na kukatika, zote kwa wakati mmoja, na nane nyingine ziko safi kabisa. Kwenye menyu, zinazokatika zimeandikwa 770 MHz na zilizo safi 546 MHz. Zikikatika, Strength inasoma 94 lakini Quality inashuka hadi 15. Fundi anasema niweke 'antena ya dijitali' na busta kubwa kuliko hii niliyo nayo tangu enzi za analojia. Kwani kila chaneli haina masafa yake? Na tuliambiwa dijitali itaokoa masafa. Yaliokolewa vipi, na yalikwenda wapi?"*

Ndugu yangu, busta kubwa usinunue kwanza. Kwa namba ulizoandika, busta uliyo nayo ndiyo ninayoishuku, na kubwa zaidi itazidisha tatizo. Nitafika huko. Nianze na swali lako la masafa, maana bila hilo hutaona kwa nini ninampinga fundi wako.

Enzi za analojia kila chaneli ilikuwa na masafa yake kweli. Kituo kimoja cha televisheni kilipewa nafasi yenye upana wa megahezi 8 kwenye bendi ya UHF, kikaijaza peke yake. Wimbi moja lilibeba picha, jingine pembeni yake likabeba sauti, na nguvu ya wimbi la picha ilipanda na kushuka kufuata weusi na weupe wa kila mstari wa picha. Hata kama kituo kilionyesha saa ya ukutani usiku kucha, nafasi ilikuwa imejaa vilevile. Hakukuwa na namna ya kumkaribisha mwingine ndani yake.

Sasa tazama menyu yako. Hiyo 546 MHz ni katikati ya nafasi inayoanzia 542 na kuishia 550, ambayo mafundi wanaiita chaneli 30 ya UHF. Na 770 ni katikati ya nafasi ya 766 hadi 774, yaani chaneli 58. Una nafasi mbili tu hapo, na kila moja inabeba vituo vinane. Kifurushi hicho cha vituo vinane kwenye wimbi moja ndicho kinachoitwa multipleksi.

Wengi wakisikia hivyo huwaza kwamba megahezi 8 zimekatwa vipande vinane, kila kituo kikapewa megahezi moja. Sivyo. Ingekuwa hivyo, kipande kimoja kingeweza kuharibika na vingine vikabaki, na wewe ungepoteza chaneli moja badala ya nane. Kinachogawanywa ni mtiririko wa biti, zile sifuri na moja za kompyuta, na mtiririko wenyewe unatandazwa kwenye upana wote wa zile megahezi 8.

Kazi inaanzia studio, kwa kubana picha. Picha ya kawaida ya televisheni ina nukta 720 kwa 576, na picha 25 kila sekunde. Ukiituma ilivyo, bila kuibana, ni kama megabiti 166 kwa sekunde, na hakuna nafasi ya megahezi 8 itakayoibeba kwa urushaji wa aina hii. Lakini sehemu kubwa ya picha inajirudia. Msomaji wa habari anatikisa midomo, ukuta nyuma yake haubadiliki. Mtambo wa kubana unatuma picha kamili mara mojamoja, na katikati unatuma mabadiliko tu: hiki kimesogea kulia, kile kimebaki. Kwa ubanaji wa MPEG-4, zile megabiti 166 zinashuka hadi wastani wa 2 hivi, na mtazamaji wa runinga ya kawaida haoni tofauti inayomsumbua.

Baada ya hapo kila kituo kinakatwakatwa kuwa pakiti ndogo za baiti 188. Kila pakiti inaanza na baiti ileile, 0x47, ili king'amuzi kijue inapoanzia, kisha inafuata namba inayosema pakiti hii ni ya nani: picha ya kituo cha kwanza, sauti ya kituo cha tano, au orodha ya vipindi. Pakiti za vituo vyote vinane zinachanganywa kama karata na kutumwa kwa mstari mmoja. King'amuzi kinapokea zote, kinasoma namba, kinachukua za kituo ulichochagua na kuzitupa nyingine. Kwa hiyo unapobadilisha chaneli ndani ya kundi la 546, king'amuzi hakihami masafa hata kidogo. Kinabadilisha tu namba za pakiti kinazozikusanya.

Mstari huo wa pakiti sasa unapandishwa hewani, na hapa ndipo penye ufundi wenyewe. Badala ya wimbi moja nene, mtambo unatoa mawimbi madogo 6,817 yaliyopangwa bega kwa bega ndani ya zile megahezi 8. (Ninaeleza mpangilio mmoja uliozoeleka wa DVB-T, mfumo wa kurusha televisheni ya dijitali kutoka minarani. Upo mwingine pia.) Mawimbi 6,048 kati ya hayo yanabeba data, yaliyobaki yanamsaidia mpokeaji kujipanga. Kila wimbi dogo linabeba biti 6 kwa mpigo mmoja, na kila sekunde kuna mipigo kama 893. Ukizidisha unapata megabiti 32.4 kwa sekunde.

Si zote hizo zinazotumika kwa picha. Theluthi moja inatolewa kwa ajili ya biti za kusahihishia makosa, kisha inakatwa nyingine kidogo kwa tabaka la pili la usahihishaji, na kinachobaki ni megabiti 19.9. Huo ndio mfuko wa kundi lako la chaneli nane. Picha nane kwa wastani wa megabiti 2 ni 16. Sauti nane kwa 0.2 ni 1.6. Orodha ya vipindi na majedwali mengine tuseme 0.5. Jumla ni 18.1, na zile 1.8 zilizosalia zinajazwa na pakiti tupu, kwa sababu mstari hauruhusiwi kuwa na mapengo.

Hizo megabiti 2 nimeziita wastani kwa makusudi. Kwenye mitambo mizuri hakuna kituo chenye fungu la kudumu. Kuna kompyuta inayoangalia picha zote nane kwa pamoja na kugawa upya kila wakati: kituo chenye mpira wa miguu kinapewa megabiti 4 kwa kuwa nyasi, mashabiki na kamera vyote vinakwenda, na chenye mahojiano ya watu wawili waliokaa kinashushwa hadi 1. Inafanya kazi kwa sababu ni nadra wote nane kuhitaji nyingi kwa sekunde ileile. Ikitokea wote wana mechi, au mwenye mitambo amekuwa mlafi na kubandika vituo kumi na viwili kwenye mfuko huohuo, utaona vijiraba vya rangi uwanjani kila kamera inapokimbia. Hilo halina dawa nyumbani kwako. Antena ya aina yoyote haitaongeza biti ambazo hazikutumwa.

Kwa hiyo unaelewa sasa kwa nini nane zako zinaondoka pamoja. Pakiti zao zimechanganyika kwenye mawimbi madogo yaleyale. Biti zikiharibika kidogo, usahihishaji unazirekebisha na huoni kitu. Zikiharibika kupita uwezo wake, pakiti za vituo vyote zinaharibika, na picha zote zinaganda kwa mpigo mmoja. Analojia ilikuwa inakuonya kwa chenga zinazoongezeka siku hadi siku. Dijitali inakaa safi hadi ukingoni, kisha inaanguka.

Sasa masafa yaliyookolewa. Hesabu ya juujuu ni rahisi: vituo vinane vya analojia vilihitaji nafasi nane, megahezi 64. Sasa ni nafasi moja, megahezi 8. Lakini akiba kubwa zaidi haikutoka hapo tu, ilitoka kwenye nafasi ambazo analojia ilizilazimisha kukaa wazi.

Jicho la binadamu linaona kero ndogo sana kwenye picha ya analojia. Ili kituo cha mbali kinachotumia nafasi ileile kisionekane kama milia kwenye runinga yako, kilitakiwa kikufikie kikiwa dhaifu kuliko kituo chako kwa desibeli 40 hivi, yaani mara 10,000. Kwa dijitali, kama desibeli 20 zinatosha, mara 100. Tena runinga za zamani zilichanganya nafasi jirani, na hata baadhi ya zilizo mbali kidogo, hivyo wapangaji masafa walikuwa wanaruka: mji ukipewa chaneli 30, zile za 29 na 31 zinaachwa, na miji ya karibu nayo haigusi 30. Ramani nzima ilikuwa na mashimo mengi kuliko vituo.

Dijitali iliziba sehemu kubwa ya mashimo hayo. Nafasi jirani zinaweza kutumika kwenye mnara mmoja. Zaidi ya hapo, minara kadhaa inaweza kurusha multipleksi ileile kwenye masafa yaleyale bila kugombana. Kwa analojia, mawimbi ya minara miwili yakifika kwa kupishana yalileta kivuli cha picha ya pili. Kwa dijitali kila mpigo una muda wa kungojea mbele yake. Kwenye mpangilio niliokuhesabia, muda huo ni sehemu 224 za milioni moja za sekunde, na kwa mwendo wa mawimbi ni kilomita 67. Wimbi la mnara wa pili likichelewa ndani ya umbali huo, king'amuzi kinalipokea kama msaada. Ndiyo maana eneo kubwa linaweza kuhudumiwa kwa nafasi moja pale ambapo analojia ingehitaji kadhaa.

Jambo ambalo halikuelezwa vizuri kwa wananchi ni kwamba akiba hii haikuja siku dijitali ilipowashwa. Mwanzoni matumizi ya masafa yaliongezeka, kwani ilibidi vituo virushwe kwa njia zote mbili ili watu wapate muda wa kununua ving'amuzi. Masafa yalipatikana siku analojia ilipozimwa. Mkataba wa Geneva wa 2006, uliohusisha Ulaya, Afrika, Mashariki ya Kati na sehemu ya Asia, uliweka 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa analojia ya UHF. Na hata baada ya kuzima, kilichopatikana kilikuwa vipande vilivyotawanyika huku na huku. Mtandao wa simu unataka eneo moja pana lililoungana, kwa hiyo multipleksi zilizokuwa juu zikahamishwa chini.

UHF ya televisheni ilianzia megahezi 470 hadi 862, chaneli 21 hadi 69. Kwanza kilikatwa kipande cha juu, 790 hadi 862, nafasi tisa, megahezi 72. Kisha ukaja uamuzi wa kutenga pia 694 hadi 790, nafasi kumi na mbili, ambao nchi zinautekeleza kila moja kwa kasi yake. Vyote viwili ni kwa ajili ya intaneti ya simu, kwa kuwa mawimbi ya chini hivi yanakwenda mbali na kupenya kuta vizuri kuliko ya juu.

Hapo ndipo mnara wa jirani yako unapoingia kwenye hadithi. Kwenye kile kipande cha kwanza, mpango uliozoeleka unaiwekea minara ya simu kurusha kati ya 791 na 821. Busta yako ilitengenezwa wakati eneo hilo lote lilikuwa la televisheni, kwa hiyo inakuza kila kitu kuanzia 470 hadi 862 bila kuchagua. Mnara wa televisheni uko mbali, wa simu uko jirani. Ishara ya simu inaingia ikiwa na nguvu kubwa mno, busta inalemewa, na kifaa kilicholemewa kinaanza kutengeneza takataka zake chenyewe kwa kuchanganya mawimbi yaliyomo ndani yake. Hesabu ya takataka zilizo kali zaidi ni hii: mara mbili ya ukingo mmoja, toa ukingo wa pili.

```
2 × 791 − 821 = 761
2 × 821 − 791 = 851
```

Kama eneo lote la 791 hadi 821 linatumika hapo kwenu, takataka zinatapakaa kuanzia 761 hadi 851. Nafasi yako ya 766 hadi 774 imo ndani kabisa. Ile ya 542 hadi 550 iko mbali, haiguswi. Ndiyo picha uliyonieleza.

Usomaji wako wa Strength na Quality unasema hivyohivyo. Strength inapima nguvu yote inayoingia kwenye nafasi hiyo, na takataka nayo ni nguvu. Quality inahusu biti zinazosomeka. Ingekuwa antena yako imegeuka au ni dhaifu, zote mbili zingeshuka. Strength ya juu na Quality ya chini ni dalili ya kelele au kulemewa, na huongezi busta kwa mtu aliyelemewa.

Kuhusu "antena ya dijitali", hakuna kitu hicho. Antena haijui biti, inajua masafa na mwelekeo. Antena yako ya UHF ya zamani inafaa ikiwa ni nzima, imeelekezwa kwenye mnara sahihi, na vijiti vyake vimelala au vimesimama kulingana na mnara unavyorusha. Neno hilo kwenye boksi ni la kuuzia tu.

Kabla hujatoa pesa, jaribu kuitoa busta kwenye njia. Usizime umeme wake ukadhani umemaliza, maana busta isiyo na umeme kwa kawaida inaziba njia na utapoteza hata zile chaneli nzuri. Itenganishe, unganisha waya wa antena moja kwa moja na waya unaoshuka kwenye king'amuzi, kisha soma tena namba za 770. Strength itashuka, hilo lisikutishe. Quality ikipanda na picha zikatulia, umepata mkosaji, na huenda huihitaji busta kabisa. Minara ya dijitali mara nyingi inatosheleza mahali ambapo analojia ilihitaji kusukumwa.

Ikiwa bila busta mawimbi ni dhaifu mno hata kundi la 546 linakatika, basi unahitaji filta ya kuzuia masafa ya simu ya kuanzia 790. Ni kikopo kidogo kinachofungwa kwenye waya. Mahali pa kukifunga ndipo watu wanapokosea: lazima kiwe kati ya antena na busta. Ukikifunga chini, nyuma ya king'amuzi, kinakuja baada ya madhara. Takataka zilizozaliwa ndani ya busta sasa zimeshaingia kwenye 766 hadi 774, na filta inayopitisha nafasi hiyo itazipitisha nazo. Ukiwa unanunua kifaa kipya, chukua busta yenye filta ndani yake na yenye ukuzaji mdogo.

Kuna hali moja ambayo filta haitasaidia. Nchi yako ikikabidhi na kile kipande cha 694 hadi 790 kwa simu, minara itarusha kati ya 758 na 788, juu kabisa ya nafasi yako ya 770. Multipleksi yako italazimika kuhamia chini ya 694, na siku hiyo chaneli nane zitapotea moja kwa moja, Strength na Quality zote chini. Usipande juu ya paa. Ingia kwenye menyu, tafuta chaneli upya, nazo zitarudi zikiwa na namba nyingine ya megahezi. Vilevile mwenye mitambo akiamua kuhama kutoka DVB-T kwenda DVB-T2, inayoweza kubeba karibu mara mbili ya biti kwenye nafasi ileile, king'amuzi cha DVB-T pekee hakitaisoma hata utafute mara ngapi. Angalia kilichoandikwa kwenye king'amuzi chako kabla ya kulaumu waya.

Busta ikiwa juu ya paa au kwenye mlingoti, kazi hii mwachie fundi, lakini mchague mwenye kipimo cha mawimbi. Mwambie apime 770 mara mbili, busta ikiwepo na isipokuwepo, akuonyeshe namba. Anayegeuza antena huku akikupigia kelele "vipi, imekuja?" hataliona tatizo hili, kwa sababu kila atakapoelekea Strength itakuwa juu. Na kama bila busta, au kwa filta iliyofungwa mahali pake, Quality bado iko 15, acha kununua vifaa. Andika masafa, saa za kukatika na vipimo vya fundi, uvipeleke kwa mwenye mitambo ya multipleksi na kwa mamlaka ya mawasiliano, kwani kuchunguza kuingiliana kwa masafa ni kazi yao, na vifaa vyake wanavyo.